UZI: Nani kamruhusu kugusa sentensi zangu? Na jina langu kaliacha chini!

Wakuu, nimetoka ofisini sasa hivi, mikono inatetemeka. Yule bwana wa miwani kichwani, mlio kwenye maghala ya dagaa Kibirizi mnamjua, kaniharibia tena.

Mteja wa Mpulungu alituma sampuli ya vifungashio. Nikamwandikia: "I like it very much. I always check the sacks before loading." Bwana kasema "ngoja niipitie kidogo". Ikatoka hivi:

```
I like very much it.
Always I check the sacks before loading.
```

Chini, jina langu! Hiyo "it" imebaki nyuma kama mtumbwi uliokatika kamba, halafu mwenye mtumbwi ni mimi! Nikamuuliza, akanijibu mbele ya wapakiaji wote: "Binti, Kiingereza chako cha shule ya kata." Mbele ya wapakiaji! Jina langu, jamani!

Mzee wa Ujiji: Pole mwanangu. Kosa linatoka nyumbani. Tukisema "naipenda", ile "i" imeshaingia tumboni mwa kitenzi, kwa hiyo "sana" inafuata bila shida. Kiingereza "it" iko nje, na haitaki mtu akae kati yake na "like". Washikane kwanza, "very much" ije baadaye. Hata "always" ni hivyo, anafikiri "kila mara nakagua".

Kasulu Kwetu: Kanuni rahisi, always inakaa kabla ya kitenzi. Mwisho.

Mzee wa Ujiji: Na "I am always at the port"? Kwenye am, is, are inakaa baada. "I have always checked", inaingia katikati.

Kasulu Kwetu: Lakini ghalani kwetu ukutani pameandikwa ALWAYS CHECK THE SCALE. Nao wamekosea?

Mzee wa Ujiji: Hilo ni agizo, halina "I". Bila "I", always inatangulia. Nadhani bwana wenu kasoma ukutani, akaichomekea "I".

Mama Dagaa: Mbona "Sometimes I check" naiona kila siku?

Mzee wa Ujiji: Sometimes na usually hukubali kutangulia. Always haikubali. Usiniulize kwa nini.

Reli ya Kati: Mteja kaelewa? Kalipa? Sasa unalia nini dada? Mwenye jina la sultani wewe!

Mwenye uzi: Kajibu "I like very much it too"! Kwa jina langu!

Reli ya Kati: 😂😂😂 Umepata pacha Zambia.

Tabora Mjini: Afadhali wako anagusa sentensi. Wangu anajibu nakala kwa wote, hadi ya mkopo wangu kaisambaza ofisi nzima.

Mama Dagaa: Wa kwangu anapiga simu kuuliza kama barua pepe imefika, kabla hajaituma.

Mwenye uzi: Jamani, jina langu…

Kasulu Kwetu: Huyo wa Mpulungu anachukua gunia bei gani?

Mama Dagaa: Njoo pembeni nikwambie.