Naomba ushauri: kundi la watu 640, picha na maelezo yanabadilika kila siku

Mtunza_Kundi: Habarini wakuu. Mimi ni admini wa kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja, tuko 640. Asubuhi ukiamka picha ya kundi ni nembo ya shule, mchana ni keki ya bethidei ya mtu, jioni ni tangazo la biashara. Maelezo ndo usiseme, tulikuwa na sheria na ratiba ya vikao, sasa hivi kuna mistari ya salamu tu. Nimechoka, nafikiria kufungua kundi jipya nihamishe watu wote. Nifanyeje?

Baba Zuu: Funga kundi admini peke yao ndo waandike, kwisha kazi.

Fundi_wa_Simu: Hapana mkuu, hiyo ni ruhusa nyingine. Ukiwazuia kuandika utaua mazungumzo halafu picha itaendelea kubadilishwa vilevile. Fungua kundi, gusa jina lake juu, shuka mpaka "Group permissions", kisha uzime "Edit group settings". Ukizima hiyo, mwanakundi wa kawaida hagusi jina wala picha wala maelezo, na hata kubandika ujumbe juu hawezi. Kundi likiwa jipya hiyo huwa imewashwa kwa kila mtu, ndo maana watu wanachezea.

Mtunza_Kundi: Nilishazima mwezi uliopita. Bado yanabadilika.

Fundi_wa_Simu: Basi wanaobadilisha ni maadmini. Mko wangapi?

Mtunza_Kundi: 23. Lakini kila mmoja ana sababu yake jamani, huyu mwakilishi wa mwaka fulani, huyu mweka hazina, siwezi kuwashusha tu hivihivi watanuna.

Mama Tausi: Hata sisi kwenye kundi la kwaya tulikuwa hivyo, kila anayeimba solo anataka uadmini. Yule aliyeweka picha ya harusi yake ndo wa kwanza kulia watu wakisahau siku ya mazoezi, na siku ya mazoezi ilikuwa kwenye maelezo aliyoyafuta mwenyewe. Heshima imekwisha siku hizi.

Jicho la Tatu: Samahani lakini hii stori naona imetungwa. Mtu akibadilisha maelezo au picha, WhatsApp inaandika kwenye chati, fulani amebadilisha, na jina lake lipo. Wewe admini wa watu 640 hujui ni nani? Unatafuta komenti tu.

Baba Zuu: Kweli aisee, hata mimi nashangaa.

Mtunza_Kundi: Sijatunga. Najua ni nani. Ni shemeji yangu, yeye ndo alifungua kundi. Hayo mambo ya keki ni wengine, lakini maelezo ni yeye, na juzi alitoa namba ya mchango wa msiba iliyokuwa pale akaweka yake, wawili wakatuma huko. Anasema alikuwa anarahisisha. Sitaki kumwaibisha mbele ya dada yangu, ndo maana nasema bora kundi jipya.

Jicho la Tatu: Ooh. Basi nisamehe, hilo ungelisema mwanzo.

Fundi_wa_Simu: Hapo ndipo penye kazi, maana aliyefungua kundi hamuwezi kumtoa wala kumvua uadmini mpaka ajitoe mwenyewe. Wale wengine unaweza kuwapunguza wabaki wanne au watano, keki zitaisha. Ila namba ya pesa isikae kwenye maelezo kabisa. Pale admini yeyote anaibadilisha, na aliyejiunga leo atasoma iliyopo sasa bila kujua jana kulikuwa na nini. Mweka hazina aitume kama ujumbe kutoka simu yake, muubandike juu. Admini mwingine anaweza kuubandua au kuufuta, lakini kuandika namba nyingine ndani yake hawezi. Na maelezo yenyewe muyahifadhi pembeni, yakiharibiwa mnarudisha kwa dakika moja.

Mama Tausi: Maelezo yawe mafupi pia, mambo ya lazima yakae mwanzoni maana inaonekana mistari ya juu tu mpaka mtu abonyeze. Na picha msiweke maandishi pembeni, ile duara inayakata. Yetu ilisomeka "WAYA" mwaka mzima.

Baba Zuu: Mimi naona ukae na shemeji muongee kiume, arudishe hela za watu.

Mtunza_Kundi: Hela alirudisha ya mmoja. Leo nimewashusha 17, wawili wameshajitoa kwa hasira. Namba imeshatoka kwenye maelezo. Kundi jipya bado nalitaka lakini, hapa shemeji akiamka vibaya ataandika anachotaka.

Fundi_wa_Simu: Fungua, ila kumbuka huko mwenye kundi utakuwa wewe, na wao ndo hawatakuwa na namna ya kukutoa. Washirikishe kwanza.

Mtunza_Kundi: Dada ndo ananipigia sasa hivi. Narudi.