Mtoto kajenga mlango wa liva mbili kwenye Minecraft: amejifunza kitu au amenakili tu?

MamaWawili_Dom

Wana jukwaa, habari za jioni. Niko Ilazo hapa Dodoma. Kijana wangu ana miaka 12, yuko darasa la sita, na kila Jumamosi anashinda kwenye tableti ya baba yake akicheza Minecraft. Hapigani na mtu humo, anajenga tu.

Babu yake ana shamba la zabibu Hombolo, na stoo ya dawa pale ina kufuli mbili. Funguo moja anayo babu, nyingine anayo mdogo wangu, kwa hiyo hakuna anayeingia peke yake. Kijana akaamua kujenga stoo hiyo kwenye gemu: mlango wa chuma na liva mbili, ufunguke zikiwashwa zote mbili tu. Ule mlango haufunguki kwa mkono, unataka umeme wa gemu, yaani ule unga mwekundu wanaouita Redstone.

Siku ya kwanza alivuta unga kutoka kila liva hadi mlangoni. Ukawa unafunguka kwa liva yoyote. Alinuna mpaka usiku. Wiki iliyofuata akaniita: umekubali! Nikaangalia, kweli. Ila kuna matofali matatu na matochi matatu ambayo sikuelewa yanafanya nini. Kumwuliza, akasema, "Mama, tochi ni mbishi. Ukimpa umeme anazima."

Baba yake anataka tableti ifungiwe hadi likizo ya Desemba kwa sababu hesabu shuleni hazijapanda hata alama moja. Swali langu: hapo kuna akili inajengeka, au kaona video akanakili? Nitajuaje?

FundiWaya_Sabasaba

Mama, mimi ni fundi umeme, nafanya wayaringi mwaka wa 14 huu. Anachotafuta dogo ni swichi mbili kwenye siriesi. Umeme upite ya kwanza, ndipo upite ya pili. Moja ikiwa imezimwa, taa haiwaki. Ukiziweka paraleli, yoyote inawasha, na hilo ndilo kosa lake la siku ya kwanza. Mwambie aondoe matochi yote, apange liva moja nyuma ya nyingine kwenye mstari mmoja. Matochi matatu kwa mlango mmoja ni kupoteza vifaa.

zabibu_kavu

Mama pole. Wangu alikuwa hivyohivyo, akaishia kununua mabando ya hela yangu kwenye gemu la kupigana. Fungia hiyo tableti mapema.

MamaWawili_Dom

@zabibu_kavu asante, ila huyu wala hana intaneti, gemu anacheza bila bando. Video alizionea kwa binamu yake.

@FundiWaya_Sabasaba nimemwambia. Kajaribu mbele yangu: mstari mmoja wa unga hadi mlangoni, liva zote mbili zimeugusa kwa pembeni, moja nyuma ya nyingine. Bado unafunguka kwa yoyote! Kanicheka.

Kizota_Kompyuta

Fundi yuko sahihi nyumbani kwake, ila kaingia nyumba nyingine. Swichi ya ukutani haina umeme wake. Inakata au inaunga umeme unaotoka kwenye mita. Liva ya Minecraft ni chanzo: ukiiwasha, yenyewe ndiyo inatoa umeme. Sasa ukipanga vyanzo viwili kwenye mstari mmoja, kila kimoja kinaujaza unga kivyake. Ni kama matenki mawili kwenye bomba moja, ukifungua lolote maji yanatoka. Wala humo hakuna waya wa kurudi. Kwa hiyo njia ya siriesi haipo, na mtoto analazimika kuipata "na", yaani hii na ile kwa pamoja, kwa njia nyingine.

Njia hiyo ndiyo ile tochi mbishi. Redstone Torch inawaka yenyewe muda wote, na inazima pale tofali linaloishikilia linapopata umeme. Ni "sio" iliyotengenezwa kifaa.

Naamini alichojenga ni hiki. Matofali matatu yamepangwa sambamba. Lile la kushoto na la kulia kila moja lina liva usoni na tochi juu. La katikati lina unga juu yake, katikati ya zile tochi mbili, na mgongoni lina tochi ya tatu inayoelekea mlangoni. Sasa mfuate umeme. Liva zote zimezimwa: tochi za juu zinawaka, zinajaza unga, unga unalipa umeme tofali la katikati, tochi ya mgongoni inazima, mlango umefungwa. Washa liva ya kushoto: tochi yake inazima, lakini ya kulia bado inajaza unga, kwa hiyo hakuna kilichobadilika. Washa na ya kulia: unga unakauka, tofali la katikati halina kitu, tochi ya mgongoni inawaka, mlango unafunguka.

Kwa maneno ya mtaani, mlango hauulizi "je, wote wapo?" Unauliza "je, kuna asiyekuwepo?" na jibu likiwa hapana, ndipo unafunguka. Kwa alama, A na B zikiwa liva, AND ni "na", OR ni "au", NOT ni "sio":

```
A AND B = NOT (NOT A OR NOT B)
```

Hiyo ni kanuni ya De Morgan, Mwingereza wa karne ya 19. Mwanao hajaisikia, ila ameipanga kwa matofali.

FundiWaya_Sabasaba

Hapo nimekubali, sikujua liva ni chanzo. Lakini siriesi na paraleli nazo ni mantiki, usinidharau.

Kizota_Kompyuta

Sidharau hata kidogo, mkuu. Claude Shannon mwaka 1937 aliandika tasnifu yake ya shahada ya pili pale MIT akionyesha kwamba saketi za swichi zinaandikika kwa aljebra ya Boole, ile hesabu ya kweli na uongo, siriesi ikiwa "na", paraleli ikiwa "au". Wewe uko upande wa Shannon. Dogo yuko upande wa waliotengeneza kompyuta ya vyombo vya Apollo vya kwenda mwezini: ile ilijengwa kwa aina moja tu ya geti, NOR, na tofali lenye tochi moja likipokea waya kadhaa ni NOR hiyohiyo. Sikiliza waya zote zinazoingia, ukikuta hata mmoja una umeme, zima.

mwalimu_kondoa

Mimi nafundisha hesabu sekondari, huku Kondoa. Shule yetu watoto hawana tableti, kwa hiyo mjadala huu kwetu ni wa mbali kidogo. Niseme tu kwamba mantiki inakuja kidato cha tano kwenye hesabu za juu, na majedwali ya kweli na uongo huwasumbua wengi kwa sababu wanayakariri safu kwa safu. Huwa nawasimamisha wanafunzi watatu mbele. Wawili wa pembeni wananyoosha mkono muda wote, wakiguswa begani wanashusha. Wa tatu anawaangalia: akiona mkono wowote juu, wake anaushusha. Wanacheka, ila wanapata. Nikisoma hapa naona kumbe ni yale matochi matatu.

Lakini mama, hesabu za darasa la sita ni sehemu, asilimia, maumbo. Usitegemee mlango wa stoo upandishe asilimia. Hapo mzee wake ana hoja.

ndotoyaudom

Naongezea kwa yaliyonikuta. Nilicheza Redstone tangu nikiwa darasa la saba, nikajenga mpaka kikokotoo cha kujumlisha. Nilipofika chuo, somo la mantiki kwa kompyuta lilinipa ahueni kwenye saketi, ila kwenye kuthibitisha kwa maandishi nilikula za uso. Nilizoea kujaribu: weka, ona, bomoa. Kwenye karatasi hakuna cha kubonyeza. Kwa hiyo inafundisha, ila sijui kama inafundisha kile shule inachopima.

MamaWawili_Dom

Nimewasoma wote, asanteni. Lakini bado hamjanijibu: nitajuaje hajanakili? Maana binamu yake anajua sana.

Kizota_Kompyuta

Kunakili si dhambi, wote tumeanzia hapo. Unachotafuta ni kama anaweza kutabiri. Mpe karatasi, aandike hali nne za liva na jibu la mlango kabla hajagusa kitu. Hilo atalifaulu hata aliyenakili, kwa sababu mlango ameshauona ukifanya kazi.

Kwa hiyo fanya la pili. Mwambie: nikiing'oa tochi ya juu kushoto, mlango utakuwaje? Aseme kwanza. Aliyenakili atasema "utaharibika". Aliyeelewa atajua kwamba upande wa kushoto sasa umenyamaza daima, ni kama liva yake imewashwa moja kwa moja, kwa hiyo mlango utaifuata liva ya kulia peke yake.

La tatu ni kubadilisha swali. Taka mlango unaofunguka liva moja tu ikiwa imewashwa, zote mbili zikiwashwa ufunge.

FundiWaya_Sabasaba

Hiyo ya tatu ni taa ya ngazi! Tuu-wei. Swichi ya chini na swichi ya juu, ukigusa yoyote taa inabadilika. Mafundi vijana wengi wanafunga kwa kukariri rangi za waya, ukibadilisha rangi wamekwama.

MamaWawili_Dom

Narudi na mrejesho, ni Jumapili usiku.

Karatasi kapata zote nne. Nikang'oa tochi ya kushoto. Akanyamaza kidogo, akasema, "Babu kaacha funguo mlangoni. Anabaki mama mdogo tu." Nikawasha ya kulia, mlango ukafunguka. Sikujua nicheke au nifanyeje. Baba yake alikuwa kwenye kochi anajifanya anaangalia taarifa ya habari.

La tatu limemshinda mpaka sasa. Kwanza kauhamisha mlango mbali, ukagoma kabisa, akadhani saketi imekufa. Kumbe unga unafika matofali 15 tu, yeye kaweka 18. Kaweka Repeater, kile cha kuupa umeme nguvu upya, katikati ukaamka, hilo kalitatua mwenyewe kwa kuhesabu kwa kidole. Ila mlango wenyewe wa moja-tu bado. Maneno yake: "Nataka ule wa kwanza ufungue, halafu huu wa matochi uuzuie."

Kizota_Kompyuta

Mama, hilo ndilo jibu. Wa kwanza ni "au", wa matochi ni "na", akiligeuza jibu la wa pili na kulikutanisha na la wa kwanza amemaliza. Tatizo lake sasa ni kuvikutanisha.

MamaWawili_Dom

Nimemsomea ulichoandika. Kakaa anatazama dari, halafu: "Yaani ufunguke kama wa kwanza umesema ndiyo *na* wa pili umesema hapana... Aah! Inabidi nijenge tena matofali matatu!" Chaji imebaki asilimia 11 na kesho shule. Baba yake kamwambia tableti inalala. Kachukua daftari la hesabu, ukurasa wa nyuma, anachora matofali.

mwalimu_kondoa

Huo ukurasa upige picha utuwekee hapa. Nina kidato cha tano kesho kipindi cha tatu.