Msimbo wa Gray wa nafasi 10: kukunja orodha au fomula?

Fundi_Mbale: Habari zenu jamani. Gurudumu la kinu cha posho lina nafasi 10, linazunguka bila kikomo, na linasomwa na sensa 4. Nataka jirani na jirani watofautiane biti moja tu. Niandike orodha kwa kuakisi, au nitumie hii?

```
g = i ^ (i >> 1)
```

kampala_biti: Fomula tu, mstari mmoja. Kwa i kuanzia 0 hadi 9 umemaliza.

Nyasi_Jinja: Polepole, ndugu. Orodha ni ileile, fomula inaitoa bila kuiandika. Shida iko kwenye mzunguko: nafasi ya 9 ni 1101 na ya 0 ni 0000, biti 3 kwa mpigo. Sensa hazibadiliki sekunde ileile, kwa hiyo kwenye mpaka huo utasoma takataka.

Hapa ndipo kuakisi kunapokusaidia. Chukua 00, 01, 11, 10. Weka 0 mbele ya kila moja, kisha iandike upya kutoka mwisho kwenda mwanzo, kama kwenye kioo, ukiweka 1 mbele: 000, 001, 011, 010, 110, 111, 101, 100. Usipogeuza nusu ya pili, ndani ya kila nusu utaona mambo sawa, ila kwenye mshono 010 itafuatwa na 100. Wengi hukosea hapo hapo.

Rudia hatua hiyo upate 16. Mstari wa i na wa 15−i hutofautiana biti ya kushoto tu. Basi kata 3 juu na 3 chini, ubaki na 10:

```
0010 0110 0111 0101 0100
1100 1101 1111 1110 1010
```

Ya mwisho na ya kwanza: biti moja. Kwa fomula, weka `i = p + 3`, p ikiwa nafasi ya gurudumu, 0 hadi 9.

kampala_biti: Sawa, hilo la mzunguko sikuliangalia. Bado kwa mikrokontrola ningetumia fomula.

Mama_Kodi: Kwani msimbo huu haugundui sensa iliyokufa? Nilidhani ndiyo kazi yake.

Nyasi_Jinja: Hapana, dada. Sensa ikikwama unaweza kupata namba halali lakini ya uongo. Ila kwa mkato huu 0000 haitumiki, kwa hiyo umeme wa sensa ukikatika na zote zikasoma 0, programu inajua.

Okello_G: Mimi nina nafasi 9. Nikate ngapi kila upande?

Nyasi_Jinja: Mzunguko wa 9 hauwezekani. Kila hatua hugeuza idadi ya tarakimu 1 kutoka shufwa kwenda witiri au kinyume, na baada ya hatua 9 huwezi kurudi ulikoanza. Kama gurudumu lako linagonga mwisho na halizunguki mzunguko mzima, chukua 9 zozote mfululizo. Linagonga?

Fundi_Mbale: Mimi nitaandika jedwali la baiti 10. Fundi atakayekuja baadaye alisome bila kuuliza fomula.

kampala_biti: Na akikosea kunakili mstari mmoja?