Laptopu ya ofisini, Raspberry Pi au seva ya kukodi: ipi initumie orodha ya kazi kila asubuhi kwa cron?

FundiBaridi
Habari zenu wakuu. Nina karakana ya friji na AC hapa Mtwara mjini, mafundi wanne. Kazi zote naziandika kwenye faili moja la maandishi matupu, `kazi.txt`, kila mstari kazi moja. Nataka kila siku saa 12 asubuhi orodha ya siku hiyo iingie kwenye imeili yangu na za mafundi kabla hawajatawanyika. Nimeshaelewa kwamba cron ndiyo mwenye shughuli hiyo. Kinachonisumbua ni pa kuiweka: laptopu iliyopo ofisini, ninunue Raspberry Pi, au nikodi seva? Pesa naitoa Ijumaa, naomba wajibu waliowahi kufanya.

mtoto_wa_masasi
Mkuu na mimi naomba uniunge kwenye hiyo orodha ya kazi. Nina diploma ya uhasibu, nipo Masasi, hata Newala naenda.

DadaSeva
@mtoto_wa_masasi mdogo wangu, si kazi za ajira hizo, ni friji za watu.

FundiBaridi, umetaja vifaa vitatu lakini hujasema lolote la kutusaidia kuchagua. Hiyo laptopu saa 12 asubuhi inakuwa imewaka? Ina mfumo gani? Na tarehe unaiandikaje ndani ya faili? Tuwekee mistari mitatu tuione.

KoroshoGhafi
Mbona mnamzungusha? Laptopu inatosha. Anafungua `crontab -e`, juu anaandika MAILTO na imeili yake, chini anaweka saa na amri ya kusoma faili. Chochote ambacho amri inatoa, cron yenyewe inakituma. Kwisha kazi.

FundiBaridi
Samahani dada, niliharakisha. Laptopu ina Ubuntu. Nikitoka jioni naifunga, asubuhi anaifungua binti wa mapokezi saa 2. Mafundi wanaondoka saa 1. Faili liko hivi:

```
2025-11-03 Mikindani, nyumba ya wageni, AC chumba 4 inavuja maji
2025-11-05 Shangani, friji la samaki haligandishi
x 2025-11-01 Ligula, kubadilisha kompresa
```

Yenye x imekwisha.

DadaSeva
Basi laptopu imeshajitoa yenyewe. Ukifunga kifuniko inalala, na cron haiamshi kompyuta. Saa 12 ikipita imelala, zamu hiyo imepotea, haitaidai ikiamka saa 2.

Na @KoroshoGhafi, la MAILTO ni kweli nusu. Cron haijui kutuma barua hadi Dar, inamkabidhi tarishi aliyemo ndani ya mashine. Ubuntu ya kawaida haina huyo tarishi. Angalia kumbukumbu za cron utakuta mstari huu:

```
(CRON) info (No MTA installed, discarding output)
```

Yaani kazi imefanyika vizuri kabisa, orodha imetoka, kisha imetupwa. Watu wanakesha wakirekebisha skripti wakati skripti haina kosa.

KoroshoGhafi
Kwangu ilituma lakini.

DadaSeva
Kwako kuna mtu aliweka postfix kabla yako. Wewe umerithi nyumba yenye bomba.

bahari_ya_lindi
Naomba niseme la seva ya kukodi, maana lilinitesa wiki nzima hapa Lindi mjini.

Nilikodi ndogo, ya dola tano hivi kwa mwezi. Nilitaka orodha ya duka ije saa 12 asubuhi. Mimi Mswahili, nikaandika `0 12 * * *`. Asubuhi kimya. Mchana kimya. Saa 9 alasiri simu inalia, orodha ya asubuhi hiyo imeingia, mimi nimeshamaliza mauzo. Nikauliza mtu, akasema seva inatumia saa za UTC, sisi tuko mbele saa tatu. Nikaona nimepata dawa: nikatoa tatu kwenye kumi na mbili, nikaandika `0 9 * * *`. Kesho yake ikaingia saa 6 mchana juu ya alama. Nikawa nagombana na seva kama mke mwenza.

Makosa yalikuwa mawili yamepandana. La kwanza, cron inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa 12 yetu ya asubuhi kwake ni 6. La pili ndilo hilo la UTC, sita toa tatu, unabaki na 3. Ningeandika `0 3 * * *` siku ya kwanza ningelala. Mwishowe niliacha hesabu, nikaipa seva saa za kwetu na kuiwasha upya cron, maana isipowashwa upya inaendelea na saa za zamani:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
sudo systemctl restart cron
```

Tangu hapo naandika 6 na inakuja saa 12.

mzee_wa_ruangwa
Hahaha, saa ya Kiswahili imemponza kijana. Sisi enzi zetu daftari na kalamu, fundi anasomewa kazi mlangoni, anaitikia, anaondoka.

DadaSeva
Shikamoo mzee. Hata hivyo la bahari lina mkia. Seva ikibaki UTC na ukataka orodha itoke saa 8 usiku, huko kwao bado ni saa 23 za siku iliyopita, kwa hiyo `date` itakupa tarehe ya jana na utapokea kazi za jana. Afadhali kubadilisha saa za seva kuliko kutoa tatu.

FundiBaridi, kwa faili lako hili ndilo ningeandika:

```
#!/bin/sh
LEO=$(date +%F)
ORODHA=$(awk -v leo="$LEO" 'NF && $1 <= leo' /home/fundi/kazi.txt)
[ -z "$ORODHA" ] && ORODHA="Leo hakuna kazi."
printf 'To: %s\nSubject: Kazi za %s\n\n%s\n' "$1" "$LEO" "$ORODHA" | msmtp "$1"
```

Inachukua kila mstari ambao tarehe yake ni leo au imeshapita. Tuseme leo ni tarehe 4 Novemba: Mikindani ya tarehe 3 itatoka kwa sababu haijawekewa x, Shangani ya tarehe 5 itasubiri. Ligula haitoki kwa kuwa herufi x huja baada ya tarakimu, awk inaiona kubwa kuliko tarehe. Ila kwa sababu hiyohiyo, mstari uliosahau kuuwekea tarehe hautatoka milele na hutaambiwa.

Tarishi ni msmtp, unaipa Gmail kupitia `smtp.gmail.com` mlango 587. Paswedi yako ya kawaida itakataliwa. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha utengeneze paswedi ya programu, ni herufi 16.

FundiBaridi
Kwa nini itume hata kama hakuna kazi? Si kumaliza bando za watu?

DadaSeva
Kwa sababu kimya kina maana mbili. Usipopata barua, hujui kama hakuna kazi au mashine imekufa. Ikija inayosema "Leo hakuna kazi", unajua ipo hai.

KoroshoGhafi
Skripti ya nini, hiyo ni mistari mingi. Unaweka yote kwenye crontab, mstari mmoja, `grep $(date +%F) kazi.txt` unamwagia msmtp.

bahari_ya_lindi
Umeijaribu hiyo? Alama ya `%` ndani ya crontab ina maana yake. Cron ikiikuta inakata amri hapohapo, na yaliyobaki inayafanya kuwa maandishi ya kulisha amri. Ukiijaribu mwenyewe kwenye skrini inafanya kazi, ukiiweka kwenye crontab inavunjika. Lazima uandike `\%`. Ndiyo maana bora skripti, crontab inabaki na njia ya skripti na imeili ya anayetumiwa tu.

KoroshoGhafi
Sawa. Ila bado nasema laptopu, mwekee anacron. Anacron ikikosa saa 12 inafanya mashine ikiwaka.

DadaSeva
Anacron haijui saa, inajua siku. Huwezi kuiambia saa 12. Ukitaka vyote viwili tumia taima ya systemd yenye `Persistent=true`. Lakini mafundi wanaondoka saa 1, laptopu inafunguliwa saa 2. Orodha itafika wakiwa Mikindani. Na taima hiyo mara nyingi hukimbia kabla waifai haijashika, na msmtp haina foleni. Ikishindwa mara moja barua imekwenda.

fundi_umeme_nanyamba
Mimi nina Pi mwaka wa pili. Haili umeme, haipigi kelele. Tatizo ni umeme ukikatika usiku. Pi yangu haina betri ya saa, ikiwaka inaendelea na saa ya mwisho iliyoikumbuka mpaka ipate mtandao ijisahihishe. Siku moja ruta ilichelewa, orodha ikawa haijatoka hadi karibu saa 3. Sasa Pi na ruta vyote viko kwenye betri moja ya sola. Kwa mwenye karakana hiyo si kazi.

FundiBaridi
Naelekea Pi basi, betri ninazo.

DadaSeva
Sawa, ila jibu hili kwanza: faili liko wapi? Wewe unaandika `kazi.txt` kwenye laptopu. Pi au seva itasoma faili lililo kwake. Ukiongeza kazi jioni ukafunga laptopu bila kuinakili, asubuhi mafundi wanapata orodha ya juzi, imepangwa vizuri na tarehe ya leo juu yake. Hilo ni baya kuliko kukosa barua.

FundiBaridi
Hilo sikuwa nimelifikiria. Naweza kuandika moja kwa moja kwenye Pi kwa ssh?

bahari_ya_lindi
Unaweza, ukiwa ofisini. Mteja akikupigia usiku uko nyumbani, hapo seva ya kukodi inaishinda Pi, unaingia kwa simu.

fundi_umeme_nanyamba
Hata Pi unaifikia ukiwa nyumbani, kuna njia zake.

DadaSeva
Zipo, lakini si za Ijumaa.

mzee_wa_ruangwa
Swali la kizee: hao mafundi wanne wanafungua imeili saa 12 asubuhi?

FundiBaridi
Mmoja anafungua, mzee. Wawili wako WhatsApp tu. Wa nne ana simu ya kitochi.

KoroshoGhafi
Sasa tumepiga kelele zote hizi kwa ajili ya mtu mmoja?

FundiBaridi
Na mimi mwenyewe, ndugu. Ikinifikia mimi nawasomea mlangoni. Nitaanza na laptopu ninayo, nisiifunge kwa wiki mbili, nione kama inatuma, ndipo nitoe pesa.

DadaSeva
Basi kwenye mipangilio izuie isilale ukifunga kifuniko, na uiache kwenye chaja. Ukikosa barua, kabla ya kugusa skripti piga `journalctl -u cron` uone kama saa 12 ilikimbia au la.

mtoto_wa_masasi
Wakuu kwani huyo wa mapokezi anayefungua saa 2 hataki msaidizi?

fundi_umeme_nanyamba
FundiBaridi, nje ya mada. Friji la dukani linaganda juu, chini vuguvugu. Ni gesi hiyo au feni?