"Iwe fupi sana, lakini isiache kitu": tupeane uzoefu wa maagizo yanayojipinga

Mwandishi wa Vikao
Asubuhi hii nimepokea ujumbe kutoka kwa mkuu wangu wa kitengo: "Naomba muhtasari mfupi sana wa kikao cha jana, usizidi nusu ukurasa, wenye maelezo kamili ya mchango wa kila mjumbe." Wajumbe walikuwa 19, na hakuna aliyekaa kimya. Nimeusoma mara tatu nikidhani macho yangu ndiyo yenye kasoro. Ninyi yalipowakuta haya, mlimwambiaje aliyewatuma?

Afisa Mipango
Ndugu, umenikumbusha siku ambayo nimekuwa nikijitahidi kuisahau. Ijumaa moja, saa kumi jioni, mkuu wa idara aliniandikia niandae taarifa ya miradi kwa ajili ya Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, "fupi sana, ukurasa mmoja tu, ikionesha kwa kina hali ya kila mradi". Miradi ilikuwa 14. Kila mmoja ulihitaji jina, kijiji, chanzo cha fedha, kiasi kilichopokelewa, kiasi kilicholipwa, hatua ya ujenzi na changamoto, yaani mambo saba, ambayo kwa miradi yote yanafika 98. Nilianza kwa kupunguza ukubwa wa herufi hadi nane, kisha nikabana pambizo, na bado ukurasa ulifurika. Ndipo nikafanya kosa lenyewe: niliamua peke yangu, bila kumwambia mtu, kwamba safu ya malipo iondoke.

Siku ya kamati, diwani mmoja aliuliza mkandarasi wa zahanati amekwisha kulipwa kiasi gani. Mkuu wangu aliigeuza ile karatasi, akakuta nyuma ni nyeupe. Tulipotoka alisema, "Nilikwambia kwa kina." Nikamjibu kwamba alisema pia ukurasa mmoja. Sote wawili tulikuwa tunasema kweli, na aliyeaibika mbele ya madiwani ni yeye.

Tangu hapo, agizo la namna hiyo likija naandika hivi, kabla sijaanza kazi:

"Mkuu, nimepokea agizo. Miradi ni 14, hivyo ukurasa mmoja utatosha mistari miwili kwa kila mradi. Napendekeza ukurasa huo uwe na jedwali la hatua ya ujenzi na malipo, na maelezo ya kina yawe kiambatisho. Ikiwa hutaki kiambatisho, naomba uniambie safu ipi iondoke. Nisipopata maelekezo mengine hadi saa nane mchana, nitaendelea na pendekezo hili."

Mtaona kwamba sisemi popote kuwa agizo linajipinga. Naweka hesabu, na hesabu ndiyo inayosema. Kisha natoa pendekezo moja, si matatu, kwa sababu mtu mwenye shughuli nyingi akipewa matatu huahirisha kuchagua.

Mama Pacha
Hilo la herufi nane nami nimelifanya, nikarudishiwa karatasi na kuulizwa kama ninadhani wazee wana macho ya kipanga.

Nidhamu Kwanza
Mnajitafutia matatizo. Mdogo hamhoji mkubwa. Maagizo mawili yakipingana, la mwisho ndilo linalotawala, kwa kuwa ndilo lililokuja baada ya msemaji kufikiri zaidi. Muhtasari huo unatakiwa uwe kamili, basi.

Wakili wa Kijijini
Kanuni hiyo ipo, lakini umeichukua nusu. Katika sheria ya kale ya Kiingereza, vifungu viwili vya wosia vikipingana kabisa, cha baadaye ndicho kilichoshinda, ilhali katika hati ya kuhamisha mali ilikuwa kinyume chake, cha kwanza ndicho kilichoshinda. Isitoshe, majaji waliikimbilia kanuni hiyo baada tu ya kushindwa kuusoma waraka wote kwa namna inayopatanisha vifungu vyake. Pia tusisahau kwamba mwenye wosia ameshafariki na hawezi kuulizwa. Mkuu wa kitengo yuko hai, ana simu, na pengine yuko chumba cha pili.

Nidhamu Kwanza
Hapa ni ofisini, si mahakamani.

Mwana wa Tatu
Mimi agizo langu halikutoka ofisini, lilitoka kwa baba zangu wadogo. Usiku wa kuamkia mazishi ya mzee wetu niliitwa nikaambiwa, "Wewe ndiwe utakayesoma wasifu wa marehemu. Uwe mfupi, dakika tatu, jua ni kali, ila usimwache mtu." Mzee alikuwa na wake wawili, watoto 11 na wajukuu 40 na zaidi. Nilijaribu kusoma kwa sauti huku nikitazama saa, na majina peke yake yalimaliza dakika mbili na nusu. Sikuuliza, kwani nani anauliza maswali matangani? Nikaandika "na watoto wengine" baada ya jina la saba. Hao saba wote walikuwa wa mama mkubwa. Sikukusudia, nilikuwa nimefuata umri tu. Nilipofika kwenye maneno hayo, mama mdogo aliinuka, akajifunga khanga kiunoni, akasema mbele ya jeneza, "Nao wana majina."

Mama Pacha
Ee Mungu wangu. Ikawaje? Uliendelea kusoma?

Mwana wa Tatu
Nilimpa karatasi. Aliyataja yeye mwenyewe, wanne wote, kisha akanirudishia. Hatujazungumza vizuri hadi leo.

Kijana wa Mjini
Wasifu usizidi kurasa mbili. Ondoa shule ya msingi na majina ya wadhamini, waajiri hawasomi hayo.

Wakili wa Kijijini
Kijana, huo ni wasifu wa marehemu.

Karani Mstaafu
Pole, Mwana wa Tatu. Msibani mara nyingi majina huchapwa kwenye karatasi wanazogawiwa waombolezaji, na msomaji akasoma maisha tu. Jambo lenyewe ni lile la kiambatisho. Agosti 1940, katikati ya vita, waziri mkuu wa Uingereza, Churchill, aliwaandikia mawaziri na watumishi wake waraka uliotaka taarifa ziwe na aya fupi, na uchambuzi wa kina au takwimu ziwekwe kwenye kiambatisho. Hata hivyo, kwa dokezo sabili, zile karatasi za ndani za kuombea uamuzi, nilizozipitisha mimi, nimeona watu wakizika jambo baya kabisa kiambatishoni na kuacha ukurasa wa kwanza ukicheka. Linalohitaji uamuzi likae mbele.

Fundi Mitambo
Kuna ufupi usiojadiliwa. Kliniki moja iliniagiza niwatumie wagonjwa ujumbe mmoja wa simu, "mfupi ila wenye maelekezo yote". Ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Niliandika 150, nikajipongeza, kumbe umehesabiwa kuwa jumbe tatu. Mchawi alikuwa neno "ng’oa" lililonakiliwa kutoka kwenye programu ya kuandikia, ambayo hupinda kile kialama cha juu. Kilichopinda hakimo katika herufi za kawaida za simu, kwa hiyo kikomo hushuka hadi 70. Nilimpelekea daktari bili badala ya hoja, akafuta sentensi mbili mwenyewe.

Nidhamu Kwanza
Kwa hiyo mkubwa alibadilisha agizo yeye mwenyewe. Ndilo ninalolisema.

Afisa Mipango
Alibadilisha baada ya kuoneshwa, ndugu yangu.

Mwandishi wa Vikao
Nimemwandikia mkuu: wajumbe 19, nusu ukurasa, yaani mstari mmoja na kidogo kwa kila mmoja. Nimependekeza maazimio yakae juu na michango iwe kiambatisho, au kama hataki, achague wajumbe wa kuachwa. Amejibu sasa hivi: "Sawa."

Mama Pacha
Sawa ipi?

Afisa Mipango
Uliandika saa utakayoanza na pendekezo lako?

Mwandishi wa Vikao
Sikuandika.