Naomba ushauri: slaidi ya milinganyo mitatu isiyo na jibu

Wakuu habari za jioni. Nafundisha tuisheni ya hesabu hapa Masasi, na slaidi zangu za kupunguza mistari ya matriksi zimekwama kwenye mfano huu:

```
1  1  1 |  6
2  3  1 | 11
3  4  2 | 20
```

Natoa mara mbili ya mstari wa kwanza kwenye wa pili, na mara tatu yake kwenye wa tatu. Kisha natoa wa pili kwenye wa tatu:

```
1  1  1 |  6
0  1 -1 | -1
0  0  0 |  3
```

Hapo ndipo darasa linapotea. Nusu yao wanaandika z = 3! Mstari ule unasema 0 = 3, yaani hakuna x, y, z itakayokubali milinganyo yote mitatu.

Nimefikiria kuifanya milinganyo hiyo iwe risiti tatu za ufuta, choroko na mbaazi, bei kwa maelfu. Risiti mbili za kwanza ukizijumlisha unapata kilo 3, 4 na 2 kwa 17. Ya tatu ina kilo zilezile, lakini imeandikwa 20. Basi bei hazijawa zilezile, au kuna aliyekosea kuandika. Ingekuwa 17, mstari wa mwisho ungetoka sifuri tupu, na majibu yangekuwa mengi yasiyo na mwisho.

Je, nianze na risiti kabla ya matriksi, au nizilete baada ya 0 = 3 kuwashangaza? Na hizo mbili, 0 = 3 na 0 = 0, niziweke slaidi moja?