Tupeane uzoefu: picha iliyokatwa ikawa ndogo, nanyi mmeshaahidi kadre kubwa

Mama Furaha, Bukavu
Wapenzi, naanza na yangu ya mwezi uliopita. Familia moja ya Kadutu ilifiwa na bibi yao, wakataka picha ya kuweka kando ya sanduku, kadre ya sentimita 40 kwa 50. Picha pekee ilikuwa ya arusi, bibi katikati ya watu kumi na wawili, nikatumiwa kwa WhatsApp. Nilimkata bibi peke yake, nikasafisha nyuma, nikaongeza mwanga. Kwenye ordinateri alikuwa mzuri kweli, hata mikunjo ya kitambaa ilionekana. Ilipotoka imprimeri, uso ulikuwa kama nta. Macho ni madoa mawili. Mtoto wake mkubwa aliishika, akanyamaza, akaigeuza chini. Bado inaniuma. Nanyi mnakaguaje kabla ya kupeleka?

Deo wa Goma
Pole sana mama. Mimi naangalia kitu kimoja tu: ndani ya Photoshop, kwenye résolution, lazima iandikwe 300. Ikiwa 72, naibadilisha iwe 300, basi.

Mama Furaha
Kaka Deo, ndivyo nilivyofanya! Iliandikwa 300 na faili likawa zito.

Ya Mado, Lubumbashi
Deo, hiyo 300 uliyoandika ni namba tu, haileti kitu ambacho kamera haikuona. Ukiibadilisha huku `Rééchantillonnage` imewekewa alama, programu inajaza pikseli za kubuni katikati ya zile za kweli, na ndiyo nta aliyoiona Mama Furaha. Ondoa alama hiyo kwanza. Hapo ukiandika 300, pikseli zinabaki zilezile, na sentimita zinashuka mbele ya macho yako. Hizo sentimita ndizo ukweli wa picha yako.

Mama, baada ya kumkata bibi, na kabla ya kukuza, zilibaki pikseli ngapi?

Mama Furaha
Nimefungua sasa hivi. Picha nzima ni 1600 kwa 1200. Bibi peke yake ni 384 kwa 480.

Ya Mado
Basi gawanya 384 kwa 40. Unapata pikseli zisizofika 10 kwa kila sentimita. Picha ya kushika mkononi inataka karibu 118, ndiyo ile 300 ya Deo, maana yake inahesabiwa kwa inchi. Ya ukutani, mtu akisimama hatua mbili, mimi nakubali 60. Wewe ulikuwa mbali sana, na hakuna usafishaji ambao ungekuokoa.

Tena 1600 kwa 1200 inanifanya niamini WhatsApp ndiyo iliyoipunguza. Mwenye simu iliyopiga yuko wapi? Akutumie ileile kama dokima, si kama picha.

Baraka N.
Mimi picha zangu zinatoka nyeusi kuliko kwenye ekra. Ni pikseli pia?

Ya Mado
Hapana Baraka, hiyo ni mwanga wa ekra yako na rangi. Fungulia mazungumzo yake tukusaidie.

Papa Joze, Goma
Mimi nabishana kidogo. Nilichapisha banderoli ya mita 3 kwa picha ya pikseli 3000, yaani 10 tu kwa sentimita, na kila mtu alisifu. Kwa nini kwangu ilikubali?

Ya Mado
Kwa sababu ilitundikwa juu barabarani, Papa, watu wakiitazama kutoka mbali. Bibi alitazamwa na watoto wake wakiwa karibu kumgusa.

Papa Joze
Sawa, ila kwenye kilio watu wanapiga picha mbele ya banderoli, wanaisogelea kabisa. Hapo kipimo ni kipi? Mimi sijui.

Mama Furaha
Jamani, kijana aliyepiga yuko Uvira, ametuma dokima. Ni 4000 kwa 3000. Nimemkata bibi upya palepale: 960 kwa 1200.

Ya Mado
Vizuri, lakini usikimbilie 40. 960 kwa 40 ni 24 tu. Ukitaka 60 kwa sentimita, upana wake ni 16, na urefu 20. Mchapishe hivyo, kisha umweke ndani ya kadre yao ya 40 kwa 50 na karatasi nyeupe pana kumzunguka. Inapendeza, na uso unabaki uso.

Kabla ya yote, kata kipande cha macho na mdomo tu, kikichapwa kwa kipimo kilekile cha mwisho, kwenye karatasi ya A4. Kishike ukiwa umesimama pale watu watakaposimama. Mimi hilo siliruki hata mteja akiwa mlangoni.

Mama Furaha
Nimefanya kile kipande, yaya. Kope zinahesabika, na kovu dogo juu ya jicho la kushoto limetokea. Kwenye picha ya kwanza halikuwepo kabisa. Kesho nampelekea mtoto wake ile ya 16 kwa 20, bila kumwomba franka.

Deo wa Goma
Nina kadre mbili za wateja hapa zimeandikwa 300. Acha niondoe ile alama nione sentimita zake.